Namna ya Kuiliza Jibini Mafuta, na Namna ya Kuifanya Ivutike: Mwongozo kwa Wapishi wa Nyasubi

Mwongozo huu una njia mbili. Njia ya kwanza inakufikisha kwenye dimbwi la mafuta ya manjano juu ya chipsi mayai, na vijidonge vigumu vinavyokwama kwenye meno. Njia ya pili inakufikisha kwenye nyuzi ndefu zinazomfuata mlaji kutoka sahani hadi mdomoni. Zote mbili ni za uhakika. Nimeziweka pamoja kwa sababu mpishi anayejua vizuri jinsi jibini inavyoharibika hahitaji kukumbushwa mara mbili jinsi ya kuiokoa.

Tuanzie pale malalamiko yanapoanzia, yaani kwenye kibanda cha chipsi. Nyasubi ni kata ya mjini Kahama, mji wa mpunga, ng'ombe na dhahabu, na mteja wake wa jioni anajua anachokitaka. Akiongeza pesa ili chipsi mayai yake iwekewe jibini, anatarajia kuiona ikivutika. Badala yake analetewa sahani inayong'aa kama imepakwa samli.

"Kaka, hii ni jibini au umenimwagia mafuta ya kukaangia?"

"Dada, ni jibini, tena ile ya bei."

Wote wawili wanasema kweli. Ni jibini, ni ya bei, na ni mafuta. Kosa si la pesa wala la kiasi. Ukiongeza jibini ileile juu ya moto uleule, unaongeza mafuta tu.

Kilichomo ndani ya kipande

Kabla ya hatua yoyote, mjue mnyama unayemchinja. Jibini ni mambo matatu yaliyokaa pamoja: protini ya maziwa iitwayo kaseini, mafuta, na maji. Kaseini imejisuka kama wavu wa mvuvi wa sato, na ndani ya matundu ya wavu huo ndimo matone ya mafuta na maji yalimofungwa. Mafundo ya wavu yameshikwa na kalsiamu, madini yaleyale yaliyomo kwenye mifupa yako.

Ukiipasha moto, mafuta hutangulia kulainika. Kufikia nyuzijoto 40 za Selsiasi, mafuta yote ya maziwa yameshakuwa kimiminika. Wavu wenyewe haulegei mapema hivyo. Kwa jibini nyingi unahitaji nyuzijoto 60 hivi au zaidi kidogo. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mafuta yameshayeyuka yanatafuta mlango, na wavu bado umeyazuia. Hatima ya sahani yako inaamuliwa hapo.

Wavu ukilegea polepole bila kukatika, nyuzi za kaseini huteleza moja juu ya nyingine huku zikiendelea kushikana, na mafuta hubaki ndani. Hiyo ndiyo jibini inayovutika. Wavu ukiwa umekatikakatika tangu zamani, mafuta hutoka nje na vipande vya protini hubaki peke yake. Hayo ndiyo mafuta na chenga. Na wavu ukiwa umejikaza kiasi cha kutolegea kabisa, jibini hukaa kama ilivyo hata ukiikaanga mpaka iwe ya kahawia.

Kwa hiyo mambo matatu ndiyo yanayoamua: umri wa jibini, uchachu wake, na moto wako. Tuyachukue moja moja.

Hatua ya kwanza: umri

Ukitaka mafuta, nunua cheda kuukuu. Chagua ile iliyokaa miezi mingi, inayobomoka ukiikata na kuchoma ulimi kwa ladha. Ikune kwa wingi, ipange juu ya mayai yakiwa bado motoni, kisha usogee pembeni upokee simu. Ukirudi, kazi imekwisha.

Sababu ni hii. Jibini inapokaa ghalani, vimeng'enya vilivyobaki kutoka siku ya kuigandisha, pamoja na vile vya bakteria, vinaendelea kuikata kaseini vipandevipande. Ndiyo maana jibini kuukuu ina ladha nzito kuliko changa: vipande hivyo vidogo ndivyo vinavyoipa utamu na ukali wake. Lakini uzi mfupi hauwezi kuvutika, na wavu wa nyuzi fupi hauwezi kuzuia mafuta. Jibini kuukuu pia imepoteza maji mengi, na maji ndiyo yanayozipa nyuzi nafasi ya kuteleza. Pamesani, ambayo hukaa mwaka mmoja na zaidi, ndiyo mfano wa mwisho wa njia hii. Inyunyize juu ya chakula kilichokwisha kuiva upate ladha. Ukiitaka ivutike utaiomba kisicho chake.

Ukitaka nyuzi, nunua mozarela, au gauda changa. Mozarela inapatikana humuhumu nchini. Tanga Fresh ya Tanga wanaitengeneza, na kule Njombe shirika la Kiitalia la CEFA lilisaidia kukijenga kiwanda cha maziwa kinachotengeneza jibini za Kiitalia. Nje ya nchi, milima ya Masisi mashariki mwa Kongo inajulikana kwa jibini yake ya mtindo wa gauda inayouzwa Goma, nayo ikiwa changa huyeyuka vizuri.

Lakini hapa kuna tahadhari kwa mtu wa Nyasubi. Tanga na Njombe ni mbali na Kahama, na mozarela inazeeka njiani pia. Ile ya kupikia, iliyokaushwa kidogo, ikiwa na siku mbili tatu tangu itengenezwe huwa ngumu na hutoa maji. Ikikaa kwenye baridi wiki moja hadi tatu hulainika na kuvutika vizuri kuliko wakati wowote. Ikipita hapo kwa muda mrefu, vimeng'enya vile vile huifanya iwe ya majimaji isiyoshikana. Kwa hiyo unapokuwa dukani, soma tarehe ya kutengenezwa, si ya kuisha muda tu. Na muulize mwenye duka, kwa heshima, kama friji hukaa wazi umeme ukikatika. Jibini iliyopata joto na baridi mara kwa mara huzeeka haraka kuliko tarehe yake.

Hatua ya pili: uchachu

Ukitaka jibini isiyoyeyuka hata kwa maombi, chemsha maziwa ya ng'ombe mpaka yakaribie kutokota, kamulia ndimu, koroga, chuja kwa kitambaa na ukandamize kwa jiwe. Umepata donge jeupe safi, ndugu wa panira ya Wahindi. Weka kipande juu ya chipsi, ufunike, usubiri. Utasubiri sana.

Donge hilo halina ubaya wowote. Ni chakula kizuri, na kwa nyumba yenye ng'ombe ndiyo jibini rahisi kuliko zote. Ila wavu wake umesukwa kwa namna nyingine. Moto mkali wa mwanzo umezifungamanisha protini nyingine za maziwa na kaseini, na ndimu imeigandisha kaseini ghafla ikiwa imeng'ang'aniana. Ukiipasha moto tena, badala ya kulegea hujikaza zaidi na kukamua maji yake nje. Ndiyo maana inafaa kukatwa vipande na kukaangwa kama nyama, au kutiwa kwenye mchuzi wa mchicha ikabaki na umbo lake.

Sasa angalia mozarela inavyofanywa. Maziwa hugandishwa kwa reneti, kimeng'enya kinachoikata kaseini mahali pamoja tu na kuiacha ijisuke polepole. Kisha bakteria huachwa wayachachushe mapande ya maziwa yaliyoganda taratibu. Uchachu unapoongezeka, kalsiamu huanza kufunguka kutoka kwenye mafundo na kuondoka na maji. Mtengenezaji hupima uchachu kwa kipimo cha pH, ambacho hushuka jinsi kitu kinavyozidi kuchacha. Maziwa mabichi yako kwenye 6.6 au 6.7. Mapande yakifika 5.2 au 5.3, mafundo yaliyobaki yanatosha kuzishika nyuzi, na yaliyofunguka yanatosha kuziacha ziteleze. Hapo ndipo mapande hutiwa kwenye maji ya moto ya nyuzijoto 75 hadi 80, yakakandwa na kuvutwa mpaka yang'ae.

Ukitoka nje ya mstari huo kwa upande wowote, nyuzi zinapotea. Jibini isiyochacha vya kutosha bado ina mafundo mengi mno. Halumi ya Kuprosi ni ya namna hiyo, ndiyo maana huwekwa juu ya wavu wa chuma wa kuchomea nyama na isidondoke. Jibini iliyochacha kupita kiasi, ikashuka chini ya 5 kuelekea 4.6, imepoteza karibu kalsiamu yake yote, na kaseini hushikamana kwa vijidonge. Ukichuja mtindi wako ukawa donge kisha ukaliweka motoni, utapata chenga tupu. Hilo ndilo jibu la mpishi anayejiuliza kwa nini jibini yake ya mtindi inafanana na ugali uliokatika.

Kwa mama wa Nyasubi mwenye maziwa na aliyefanikiwa kupata reneti, kuna jaribio ambalo halihitaji kipimo cha pH. Kata kipande cha pande lako kama kidole gumba, kitumbukize kwenye maji ya moto ya nyuzijoto 80 kwa dakika moja hivi, kisha kikande na ukivute. Kikikatika na kuonekana kikavu, subiri, uchachu haujafika. Jaribu tena baada ya robo saa. Kikivutika na kung'aa, mwagia mapande maji mapya ya moto sasa hivi, kwa sababu bakteria hawatakungoja. Kikianza kuvunjika laini na kuyeyukia kwenye maji, umechelewa. Tia chumvi ukile kama kilivyo. Na kumbuka kuwa maziwa ya ng'ombe wetu wa kienyeji kwa kawaida yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kisasa. Yaache yatulie, uengue krimu kiasi kabla ya kuanza, la sivyo wavu utapewa mzigo usioweza kuubeba.

Hatua ya tatu: moto

Sasa umeshika mozarela nzuri, ya umri mzuri. Bado unaweza kuiharibu, tena kwa dakika tatu tu. Itoe kwenye friji ikiwa baridi, ikate mapande manene, iweke moja kwa moja kwenye kikaango kilicho juu ya mkaa uliokolea. Upande wa chini utaungua kabla katikati hakujalegea. Ukiendelea, kaseini itajikunja kwa joto, itakamua maji, kisha mafuta yatafuata. Hata nyuzi ndefu hazistahimili moto wa namna hiyo kwa muda mrefu.

Njia nzuri ni hii, kwa sahani moja ya chipsi mayai ya mayai mawili. Chukua gramu 60 za mozarela, uikune, uiache nje ya friji robo saa. Pika chipsi mayai kama kawaida. Ukishaigeuza na upande wa pili umeshika, mwaga mafuta yote yaliyobaki kwenye kikaango. Ondoa kikaango kwenye mkaa, ukiweke pembeni mwa jiko. Tandaza jibini sawasawa, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maji ukingoni, kisha funika kwa mfuniko unaobana. Joto lililobaki kwenye mayai pamoja na mvuke vinatosha.

Baada ya dakika moja, chungulia. Ncha za jibini iliyokunwa zikiwa zimezama na bado unaona vijiti vyeupe, funika tena. Uso ukiwa mmoja, unang'aa kidogo na haujatoa matone, imeiva. Ingiza uma na uinue. Inapaswa kupanda nao. Ukiona matone ya manjano yanaanza kujitokeza juu, ondoa mfuniko papo hapo na umpe mteja. Hiyo ni dalili ya kwanza ya kukatika kwa wavu, na haina kurudi. Usiiache sahani isubiri nyingine. Jibini ikipoa chini ya nyuzijoto 50 hivi huanza kushika tena, na mteja aliyekwenda kunawa mikono kwa raha zake atakuta mpira. Mwambie anawe kwanza.

Anayeoka pitsa kwenye sufuria yenye mkaa juu ya mfuniko afuate kanuni hiyohiyo kwa kuigeuza: unga uive kwanza karibu wote, ndipo jibini iongezwe kwa dakika za mwisho. Mkaa wa juu ni mkali kuliko wa chini, na jibini ndiyo iliyo karibu nao.

Siri ya Forodhani

Kuna mpishi mmoja ambaye anavunja sheria zote hizi kila usiku na hapati dimbwi. Ni yule wa pitsa ya Zanzibar pale Forodhani. Anatandaza unga mwembamba, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu, yai, mayonezi na jibini laini ya pembetatu, anakunja, anakaanga kwenye bamba la moto lenye mafuta. Jibini inapata joto kali na bado inatoka laini kama krimu.

Haiokolewi na upepo wa bahari. Inaokolewa na chumvi za kuyeyushia. Mwaka 1911 Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, walitafuta jibini itakayosafiri nchi za joto bila kuharibika, wakaipika jibini pamoja na sodiamu sitireti. Sitireti huikamata kalsiamu na kuitoa kwenye mafundo, sodiamu ikachukua nafasi yake. Kaseini hufunguka, ikayazunguka matone ya mafuta moja moja na kuyazuia yasiungane. Geuza pakiti ya jibini ya pembetatu usome viungo: ukiona E331 ni sitireti, ukiona E339 au E452 ni chumvi za fosfeti zinazofanya kazi hiyohiyo. Gharama yake ni kwamba wavu umefunguliwa kabisa, kwa hiyo jibini hiyo haitoi mafuta lakini pia haivutiki. Inamwagika tu.

Ujuzi huo unaweza kuutumia nyumbani kuiokoa cheda kuukuu uliyokwisha kuinunua. Kamua ndimu au malimau upate mililita 60 za maji yake, robo kikombe. Weka kwenye sufuria kubwa, kwa sababu itafura. Tia bekingi soda kidogokidogo, ukikoroga, mpaka povu likome; itachukua karibu kijiko kimoja cha chai, pungufu kidogo. Onja tone moja: uchachu uwe umeisha. Umetengeneza sitireti yako mwenyewe. Sasa ndipo uongeze mililita 60 za maziwa. Ukiyatia kabla povu halijaisha, ndimu itayakata. Pasha moto mdogo bila kuchemsha, kisha ongeza gramu 200 za cheda iliyokunwa, konzi moja moja, ukikoroga kila moja iyeyuke kabla ya nyingine. Utapata mchuzi laini wenye ladha yote ya cheda, wa kumwagia juu ya chipsi. Ukizidisha soda utasikia ladha ya sabuni, na hiyo haina dawa. Ndiyo maana nimesema kidogokidogo.

Kabla hujanunua kilo

Kwa kibanda kinachouza kila siku, nunua kwanza kipande kidogo cha kila jibini iliyopo dukani. Kata vipande vya unene sawa, nusu sentimita, vya ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Vipange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, funika dakika tatu. Kilichotanuka na kuvutika ndicho cha juu ya chipsi. Kilichotanuka na kuzungukwa na mafuta ndicho cha mchuzi wa ndimu na soda. Kilichobaki na kingo zake kali ndicho cha kukaanga vipande. Andika jina la jibini na tarehe yake ukutani, kwa sababu jibini ya kiwanda kilekile inaweza kubadilika toleo hadi toleo.

Ukifanya hivyo hutahitaji kuongeza bei wala kiasi. Gramu 60 za mozarela ya wiki mbili, nje ya mkaa, chini ya mfuniko, zinashinda gramu 150 za cheda ya miezi tisa juu ya moto mkali. Mteja wa Nyasubi analipia nyuzi. Mpe nyuzi, na mafuta yabaki kwenye karai.